SOMO: AJALI IKIMVUNJA MWENZI MGONGO

Tuchukue mfano wa mume na mke walioishi Kampala. Mume alibeba mizigo katika soko la Nakasero, mke aliuza nyanya. Bodaboda ilianguka naye, uti wa mgongo ukaumia chini kidogo ya kifua, na miguu ikapooza. Aliporudi nyumbani, mke alimwosha, alimgeuza na kumtoa mkojo kwa mpira. Baada ya miezi michache mume alisema: “Mama watoto, wewe sasa ni muuguzi wangu. Mke wangu yuko wapi?”

Swali hilo ndilo somo letu. Kazi ya kwanza si kumtunza zaidi, bali kumrudishia kazi za mwili wake. Mikono yake ni mizima. Kwa kufundishwa na muuguzi, anaweza kunawa kwa sabuni na kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira safi kila saa 4 hadi 6. Akiwa kitini, ajiinue kwa mikono kila baada ya dakika 15 hadi 30, na jioni akague makalio kwa kioo. Mahali palipobadilika rangi na hapatulii baada ya kupumzishwa ni mwanzo wa kidonda. Asipakalie tena mpaka papone. Mke abaki na kile asichokifikia tu, na kazi hiyo iwe na saa yake.

Kazi ya pili ni riziki. Mke sasa ndiye anayekwenda sokoni. Mume achambue nyanya, aandike hesabu, asimamie masomo ya watoto. Fedha wazipange wote wawili. Wageni wakimwuliza mke, “Mzee anaendeleaje?” naye yupo hapo, mke ajibu: “Mwulizeni mwenyewe.”

Kazi ya tatu ni kitanda. Wengi hudhani mambo hayo yamekwisha. Sivyo. Uume unaweza kusimama kwa kuguswa hata kama mume hasikii, ingawa mbegu mara nyingi hazitoki. Shingo, masikio na kifua huweza kuhisi zaidi kuliko zamani. Wanandoa waambizane wazi: hapa nasikia, hapa sisikii. Kwanza atoe mkojo na haja. Kisha alale chali au ubavu, na baadaye wakague ngozi. Ikiwa mgongo uliumia juu, kuanzia kifuani hadi shingoni, na kichwa kikaanza kugonga kwa nguvu huku uso ukitoka jasho, waache mara moja. Aketi wima, atolewe mkojo, na kisipotulia apelekwe hospitali upesi, kwani shinikizo la damu limepanda.

Ikiwa aliyeumia ni mke, ajue kwamba hedhi inaweza kusimama miezi kadhaa kisha ikarudi, na bado anaweza kushika mimba.

Maswali ya kuzungumza wawili, mlango ukiwa umefungwa:
1. Kazi gani ninayokufanyia ungependa kuifanya mwenyewe?
2. Saa gani ya siku mimi si muuguzi wako?