Namba ya Ubavuni Isikuuzie Jenereta

Ukiingia duka la jenereta, kitu cha kwanza kukuvuta macho ni namba kubwa iliyochorwa ubavuni: 950, 2500, 3500. Muuzaji naye huitaja kana kwamba ndiyo nguvu ya mashine. Mara nyingi namba hiyo ni jina tu la modeli. Zipo jenereta ndogo zinazonywa petroli iliyochanganywa na oili, ubavuni zimeandikwa 950, lakini kibandiko chake cha chuma kinasoma wati 650. Kwa hiyo inama utafute kibandiko hicho, kwa kawaida karibu na injini au soketi. Utaona nguvu mbili. Iliyoandikwa "Max" ni ile ambayo mashine inaweza kuitoa kwa muda mfupi tu. Iliyoandikwa "Rated" ndiyo inayoweza kuibeba saa baada ya saa, na hiyo ndiyo unayoilipia. Chapa isiyoandika ya pili mimi singeinunua, hata ikipunguzwa bei.

Tuchukue duka la kawaida la rejareja, tuliweke Mbeya. Lina friji moja ya soda inayotumia wati 150, taa nne za wati 9, feni ya wati 60, na chaja za simu na redio zinazofika wati 40. Jumla ni wati 286. Mtu akiishia hapo ataona ile ya wati 650 inatosha na chenji inabaki. Tatizo ni friji. Kompresa yake, kwa sekunde ile moja ya kuanza kuzunguka, huvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida. Tukikadiria mara sita, friji peke yake inataka wati 900, na ukiongeza vile vingine vya wati 136 unafika 1,036. Jenereta ndogo ikipigwa na mzigo huo hunguruma, taa hufifia, na kompresa hubaki inavuma bila kuzunguka. Ikiachwa hivyo mara kwa mara, mota ya friji huungua, halafu lawama anapewa fundi wa friji.

Kisha kuna jambo ambalo halisemwi dukani: mwinuko. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, Nairobi karibu 1,800. Hapo moja ya tano ya nguvu imekwisha kabla hujawasha taa. Honda EU22i, ambayo kibandiko chake ni wati 1,800 za kudumu, Mbeya itatoa kama 1,440. Yamaha EF2000iS ya wati 1,600 itabaki na 1,280 hivi. Zote mbili bado zinaiwasha friji yetu. Ile ya 650 inabaki na 520, na haifai hata kujaribu. Mwenye duka la Tanga hana haja ya hesabu hii.

Sasa petroli. Vipeperushi vingi husema "saa 10 kwa tangi moja", bila kueleza ni tangi la lita ngapi wala mzigo gani. EU22i ina tangi la lita 3.6, na mtengenezaji anaandika saa 8.1 kwa robo ya mzigo na saa 3.2 kwa mzigo kamili. Ukigawanya unapata lita 0.44 kwa saa katika hali ya kwanza na lita 1.1 katika ya pili. Duka letu, lenye wati zisizofika 300, lipo chini ya robo, kwa hiyo lita 0.4 kwa saa ni makadirio ya haki. Mashine ya aina hii, mafundi huiita ya inveta, hupunguza mwendo wa injini mzigo ukiwa mdogo. Ile ya kawaida yenye fremu wazi haina ruhusa hiyo: ili itoe umeme wa hezi 50, lazima injini izunguke mara 3,000 kwa dakika, uwe umewasha taa moja au vifaa vyote. Ndiyo maana hula petroli nyingi hata ikifanya kazi ndogo.

Usimwamini mtu yeyote kuhusu kiasi hicho, pima. Jaza tangi hadi alama, washa vifaa vyako vya kila siku kwa saa moja kamili, izime, iache ipoe, kisha rudishia kwa chupa yenye vipimo. Ulichorudishia ndicho ilichokula. Tuseme jenereta ya fremu wazi ya jirani yako imekula lita 0.8. Umeme ukikatika jumla ya saa 40 kwa mwezi, yeye atatumia lita 32 na mwenye inveta lita 16. Lita ikiwa shilingi 3,000, tofauti ni shilingi 48,000 kwa mwezi. Kama inveta imezidi bei kwa 900,000, itajilipa baada ya miezi 19 hivi. Umeme ukikatika saa 10 tu kwa mwezi, itachukua zaidi ya miaka sita, na hapo hoja ya petroli haina nguvu tena. Bei ya lita irekebishe kwa ile inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Kelele ndiyo sehemu yenye ujanja zaidi. EU22i hiyohiyo, kwa vipimo vinavyochukuliwa umbali wa mita 7, inaandikwa desibeli 48 kwa robo ya mzigo na 57 kwa mzigo kamili. Ikiuzwa Ulaya hubandikwa alama ya LWA 90. Haikugeuka kuwa ya kelele njiani. LWA hupima sauti yote inayotoka kwenye mashine, na ile nyingine hupima inayofika sikioni ukiwa mbali kidogo. Kwa kukadiria, toa 25 kwenye LWA upate kipimo cha mita 7. LWA pia huwekewa nafasi ya usalama, na hiyo ni sababu mojawapo ya 90 kukupa 65, si 57. Basi chapa inayojisifu kwa 68 kwa mita 7 ina kelele zaidi kuliko yenye 90 ya LWA. Muulize muuzaji: imepimwa wapi, na kwa mzigo gani? Ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama kelele iliyozidi maradufu.

Ukizidisha umbali mara mbili, desibeli 6 hivi hupungua. Kwa hiyo kuisogeza mbali kwa kebo ya mita 15 yenye waya wa milimita 2.5 za mraba ni rahisi kuliko kubadili chapa. Kuificha jenereta stoo ili majirani wasilalamike ni kosa la kuua: kaboni monoksaidi haina harufu, na mlango ulioachwa wazi hautoshi kuitoa.

Kabla ya kulipa, omba ijaribiwe kwa hita ya maji yenye wati zinazokaribia zile za kibandiko, ukishatoa zinazopotea kwa mwinuko, kwa dakika 20, huku mita ya fundi ikiwa kwenye soketi. Volti zikikaa kati ya 220 na 240, chukua. Zikishuka chini ya 200, au injini ikianza kupanda na kushuka kama anayehema, mwambie muuzaji akuletee nyingine.