Kutaja Mipaka ya Picha katika Mswada wa Filamu

Ukiandika "Kamera imwonyeshe Asha akipima mchele," hujamwambia mpigapicha picha ianzie wapi na iishie wapi. Asha anaweza kutokea amekatwa utosi, au amekatwa vifundoni kana kwamba hana nyayo. Andika mipaka.

"Mwili mzima" ni kuanzia juu ya nywele hadi chini ya nyayo, na ardhi kidogo ionekane chini ya viatu. Itumie pale miguu inapokuwa na kazi, kwa mfano Asha akiingia dukani huku anachechemea. Uso utakuwa mdogo, kwa hiyo haimfai akilia.

Anapopima mchele, andika "kiunoni kwenda juu," mizani ikiwa mezani, ili uso na mikono vionekane pamoja. Acha nafasi ndogo juu ya kichwa. Ukitaka kushuka zaidi, ishia katikati ya paja. Picha inayoishia gotini humfanya mtu aonekane amekatwa mguu. Na ukiongeza "amevaa ndala nyekundu," umejipinga mwenyewe, maana ndala hazimo kwenye picha.

"Kupitia begani" huwaponza wengi kwa sababu hawasemi bega la nani. Andika: "Kupitia bega la mteja, tunamwona Asha, kifuani kwenda juu, akikataa kupunguza bei." Mteja atakatwa, naam, lakini kwa makusudi: bega lake na sehemu ya kisogo hubaki pembeni, nasi tunasoma uso wa Asha.