Hedhi Isiyo na Mpango, Chunusi na Ndevu kwa Mwanamke: Utambuzi Huanza kwa Kalenda

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 24 afikaye kituo cha afya kutoka Tingi, wilayani Nyasa. Ana chunusi zisizokoma, na nywele nene nyeusi zimeota kidevuni na chini ya kitovu. Hedhi zake za mwaka huu zilianza tarehe 4 Januari, 9 Machi, 21 Mei na 30 Julai. Ameelezwa kuwa hawezi kujua ugonjwa wake mpaka asafiri kwenda Songea kupigwa picha ya altrasaundi.

Tuhesabu kwanza. Kuanzia siku ya kwanza ya hedhi hadi siku ya kwanza ya inayofuata ni siku 64, kisha 73, kisha 70. Kwa mwanamke aliyevunja ungo zaidi ya miaka mitatu iliyopita, mzunguko unaozidi siku 35 si wa kawaida. Nywele hizo nazo ni dalili ya wingi wa homoni za androjeni. Dalili hizi mbili zikiwapo pamoja, na sababu nyingine zikiondolewa, hutosha kutambua ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Picha si lazima. Hata vifuko vyenyewe si uvimbe wa kukatwa, bali ni vijumba vya mayai vilivyosimama kabla ya kukomaa.

Sababu za kuondoa ni zipi? Mhudumu apime mimba kwanza. Aulize kuhusu sindano ya uzazi wa mpango, ambayo huvuruga hedhi, na kuhusu krimu za kung'arisha ngozi, kwani zenye steroidi huleta chunusi na nywele usoni. Damu ipimwe homoni za tezi ya shingo na prolaktini. Sampuli yaweza kusafiri badala ya mgonjwa. Lakini sauti ikiwa nzito na nywele zikienea kwa miezi michache tu, mgonjwa apewe rufaa haraka, maana huenda kuna uvimbe unaotoa androjeni.

Hatari iliyofichika imo ndani ya mji wa mimba. Yai lisipopevuka, projesteroni hukosekana, na ukuta wa mji huo huzidi kunenepa. Kwa miaka mingi waweza kuzaa saratani. Kwa hiyo asiyepata hedhi kwa siku 90 hupewa vidonge vya projestojeni, kwa kawaida siku 10 hadi 14, ili ukuta utoke. Asiyetaka mimba aweza kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, ambavyo pia hupunguza chunusi na nywele, baada ya kupimwa shinikizo la damu. Nywele huchukua miezi sita au zaidi kupungua.

Mgonjwa naye ajue kwamba yai laweza kupevuka siku yoyote bila taarifa. Hedhi ya kuchelewa si kinga ya mimba, wala si hukumu ya utasa.