Kuhamisha matawi sita kwenye mfumo mpya: angalia mzigo ulio njiani

Nilipopewa kazi ya kuhamisha matawi sita ya duka la vifaa vya ujenzi kwenye mfumo wa ERP, mwenye mali alitaka yote yawashwe Jumatatu moja. Hoja yake ilikuwa na uzito: usumbufu ni wa mara moja, na wahasibu hawafungi mwezi kwenye mifumo miwili. Nilimkumbusha Hershey ya Marekani, iliyowasha mifumo yake mipya kwa mkupuo Julai 1999, kisha ikashindwa kupeleka oda za peremende za takriban dola milioni 100 msimu wa Halloween. Akakubali tuanze na Morogoro peke yake.

Siku ya pili mtunza stoo aliniita: "Kaka, njoo uone, misumari inasoma hasi." Tulinunua kwa katoni na kuuza kwa kilo, lakini hatukuwa tumeuambia mfumo kwamba katoni moja ni kilo 25. Kila kilo iliyouzwa ilikata katoni nzima. Tulirekebisha jioni ile ile, katika tawi moja. Tungewasha yote, tungekesha na stoo sita zenye hesabu potofu huku wateja wakisubiri mlangoni.

Lakini kwenda kwa awamu nako kuna ugonjwa wake, nao uko kwenye mzigo unaotoka tawi lisilohama kwenda lililohama. Bati 200 ziliondoka Dar es Salaam Alhamisi. Zilifika Morogoro Jumamosi, tukazihesabu pamoja na mali ya kufungulia. Jumatatu karani akakuta hati ya mzigo mezani, akaipokea upya kwenye mfumo. Kompyuta ikasoma bati 400, uwanjani ziko 200. Tuligundua pale mkandarasi alipolipia bati 260 na lori lake likakosa 60.

Tangu hapo, siku tatu kabla ya tawi kuhama nasimamisha mizigo yote. Kilicho njiani kifike kwanza, na hati zake zigongwe muhuri kabla ya kuhesabu. Tawi likishahama, mzigo kutoka matawi ya zamani unaingizwa kwanza kwenye stoo ya kwenye mfumo tu, tunayoiita NJIANI, na hautoki humo mpaka lori lishushe. Kila jioni karani mmoja analinganisha NJIANI na hati alizonazo. Mzigo ukikaa humo zaidi ya siku za safari, tunapiga simu.

Dodoma na Singida zilikuwa zikikopeshana mali karibu kila siku, kwa hiyo nilizihamisha wikiendi moja. Kuzitenganisha kungeijaza NJIANI kupita uwezo wa karani. Na kama ungekuwa na matawi matatu tu yanayochota stoo moja, ningekushauri uwashe yote siku moja.

Mbeya, tawi la mwisho, walipoomba kusogezewa tarehe mara ya pili, nilikataa. Kwa ajili yao peke yao tulikuwa bado tunalipia leseni ya mfumo wa zamani na mshahara wa karani wa NJIANI.