Kwa Katibu wa Chama: Sawazisha Koma Kabla ya Kuchapisha Leja

Makatibu wengi wa vyama vya akiba sasa huandika michango kwenye kompyuta au simu, kisha hupeleka faili kuchapishwa. Hesabu ikikosa kulingana na pesa zilizo mezani, lawama humwangukia mweka hazina. Mara nyingi pesa huwa zote zipo, na kosa liko kwenye alama zilizotumiwa kuandika tarakimu.

Tuchukue mfano wa wanachama watano waliochanga shilingi 1,500 kila mmoja. Jumla ni shilingi 7,500. Katibu aliandika hivi katika faili la `michango.csv`:

```
Nambari,Hisa
M01,1500
M02,1,500
M03,1.500
M04,1 500
M05,1500/=
```

Faili la aina hii hutumia koma kutenganisha safu. Likifunguliwa katika Excel, M01 anasomeka vizuri. Mchango wa M02 unakatwa vipande viwili: 1 inakaa kwenye safu ya hisa, na 500 inasukumwa safu inayofuata. Kwa M03, nukta inasomwa kuwa ya senti, kwa hivyo anaonekana amechanga shilingi moja na nusu. Michango ya M04 na M05 inachukuliwa kuwa maneno, kwa sababu ya nafasi iliyoachwa katikati na alama ya `/=`. Maneno hayajumlishwi.

Ukiandika `=SUM(B2:B6)`, jibu ni 1502.5 badala ya 7500. Kompyuta haitoi onyo lolote. Chama kikikopesha kulingana na hisa, M02 atanyimwa mkopo anaostahili.

Namna ya kurekebisha

1. Rekebisha faili katika Notepad kabla ya kulifungua katika Excel. Likishafunguliwa, tarakimu za M02 zitakuwa zimegawanyika tayari.

2. Ipe koma kazi moja tu, nayo ni kutenganisha safu. Ndani ya kiasi cha pesa andika tarakimu pekee: `1500`. Usiweke koma, nafasi, `Ksh` wala `/=`. Nukta itumike kwa senti pekee. Ukinakili kiasi kutoka ujumbe wa M-Pesa, ondoa `Ksh` na koma iliyomo.

3. Asiyelipa mwandikie 0, usimruke. Tuseme kuna safu ya tatu ya marejesho ya mkopo, na M03 hakuchanga hisa ila amerejesha shilingi 800. Ukiandika `M03,800`, hizo 800 zitaingia kwenye hisa. Andika `M03,0,800`.

4. Acha herufi mbele ya nambari ya mwanachama, kama `M01`. Ukiandika `01` peke yake, Excel itaondoa sifuri.

Namna ya kukagua

Fungua faili, kisha andika kanuni hizi tatu chini ya orodha:

```
=COUNT(B2:B6)
=MIN(B2:B6)
=SUM(B2:B6)
```

Ya kwanza huhesabu visanduku vyenye tarakimu halisi. Katika orodha ile mbovu ingetoa 3, ilhali wanachama ni watano, kwa hivyo ungejua kuna wawili walioandikwa kama maneno. Lakini isingemnasa M02 wala M03, kwa kuwa 1 na 1.5 ni tarakimu pia. Hao hunaswa na kanuni ya pili, ambayo huonyesha kiasi kidogo kuliko vyote. Ukiona 1 ilhali kiwango cha chini cha chama ni 1,500, na hakuna aliyeandikiwa 0, kuna mstari uliokatika. Ya tatu ndiyo jumla ya kulinganisha na pesa zilizohesabiwa mkutanoni.

Kanuni hizi haziwezi kujua kama umeandika 1500 mahali pa 1050. Kosa kama hilo litaonekana tu ukilinganisha kila mstari na stakabadhi au ujumbe wa malipo.

Kabla ya kuchapisha

Wanachama wamezoea kusoma 1,500 yenye koma, nayo itarudi bila kuharibu hesabu. Chagua safu ya pesa, bonyeza Ctrl na 1, chagua Custom, kisha andika `#,##0`. Kama chama hupokea senti, andika `#,##0.00`. Koma hiyo ni ya kuonekana tu, kiasi chenyewe hakibadiliki.

Hifadhi faili kama `.xlsx`, maana `.csv` haihifadhi mpangilio huo wala kanuni. Tazama ukurasa kwenye skrini kabla ya kuchapisha. Ukiona `####`, safu ni nyembamba, ipanue. Soma jumla mbele ya wanachama, na mweka hazina ahesabu pesa hapo hapo. Zikilingana, chapisha na mtie sahihi.