Kosa Moja, Adhabu Mbili: Somo Kuhusu Onyo Lililokwisha Kutolewa na Jalada Lililolala

Watumishi na wakuu wa idara huuliza mara kwa mara maswali mawili yanayofanana na ndugu wawili. La kwanza: mtumishi aliyekwisha kupewa onyo kwa kosa fulani, je, aweza kuachishwa kazi baadaye kwa kosa lilelile? La pili: mwajiri aliyeligundua kosa akakaa kimya kwa muda mrefu, je, bado ana haki ya kuliadhibu? Somo hili litayajibu yote mawili kwa kufuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano huo ni wa kubuni, lakini wasomaji wengi watauona si mgeni.

Mkusanya mapato wa mnada wa mifugo alikusanya shilingi 3,400,000 katika mwezi wa Machi 2023. Fedha alizozipeleka benki zilikuwa shilingi 2,750,000. Mwezi wa Aprili Mweka Hazina alilinganisha taarifa ya mashine ya kukusanyia mapato na taarifa ya benki, akaona pengo la shilingi 650,000. Mtumishi aliandikiwa barua ya kujieleza. Alikiri kwamba alizitumia fedha hizo kwa matibabu ya mtoto wake. Mwezi wa Mei mamlaka yake ya nidhamu ilimpa onyo kwa maandishi na kumtaka azirejeshe kwa miezi mitano, shilingi 130,000 kila mwezi. Kufikia Oktoba alikuwa amemaliza, na muda wote huo aliendelea kusimama mnadani na mashine yake.

Septemba 2024 mambo yakageuka. Taarifa ya ukaguzi ililitaja pengo lile la Machi 2023, na kiongozi mpya wa ofisi akaona kwamba onyo lilikuwa adhabu ndogo mno. Mtumishi akapewa hati ya mashtaka ya kukosa uaminifu, kwa fedha zilezile na mwezi uleule. Je, hati hiyo ni halali?

Kwanza yafaa kutenganisha adhabu na mambo yanayofanana nayo. Kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi si adhabu; ni hatua ya kulinda ushahidi, na aliyesimamishwa aweza bado kushtakiwa na kuadhibiwa. Kufikishwa mahakamani nako ni njia nyingine, kwa kuwa Jamhuri hushtaki kosa la jinai, ilhali mwajiri hushughulikia mkataba wa kazi. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinachokataza mtu kushtakiwa tena kwa kosa ambalo amekwisha kutiwa hatiani au kuachiwa huru, kinahusu mahakama za jinai. Hakiufungi mkono wa mwajiri moja kwa moja.

Urejeshaji wa fedha unahitaji uangalifu zaidi. Fedha za Halmashauri kurudi katika mfuko wake ni kurudisha mali ya mwenyewe, na kwa kawaida jambo hilo halihesabiwi kuwa adhabu. Lakini barua ikiandika kwamba mtumishi "anaadhibiwa" kwa kukatwa mshahara, maneno hayo yatasomwa kama yalivyo. Onyo la maandishi halina utata: lilitolewa baada ya mtumishi kutakiwa kujieleza, na aliyelitoa alikuwa na mamlaka. Hiyo ni adhabu, na shauri la Machi 2023 lilifungwa siku barua ilipotiwa saini.

Je, shauri lililofungwa haliwezi kufunguliwa kabisa? Jibu la wazi zaidi limetoka katika halmashauri nyingine, ile ya Haringey jijini London. Agosti 2007 mtoto wa miezi 17 aliyekuwa chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii wa halmashauri hiyo alifariki kwa mateso aliyoyapata nyumbani. Ofisa aliyemhudumia na msimamizi wake walishughulikiwa kwa utaratibu mfupi wa nidhamu, wakapewa maonyo ya maandishi. Baada ya kesi ya jinai kumalizika mwishoni mwa 2008 na uongozi wa idara kubadilika, halmashauri ilifungua mashauri mapya kwa mambo yaleyale, na mwaka 2009 wote wawili wakaachishwa kazi.

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitoa uamuzi wenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilisema kwamba kanuni ya kutohukumiwa mara mbili, kama inavyotumika mahakamani, haihusu kikao cha nidhamu cha mwajiri, kwa sababu mwajiri si hakimu anayeamua haki za pande mbili. Anatumia tu mamlaka aliyopewa na mkataba. Sehemu ya pili ndiyo inayosahauliwa na wengi: mwajiri bado atapimwa kwa haki, na kwa kawaida kumfungulia mtumishi shauri la pili kwa kosa lililokwisha kuamuliwa hakutakuwa haki. Haringey ilishinda kwa sababu utaratibu mfupi wa awali haukuwa umeupima uzito wote wa makosa yale, tena katika kazi ambayo uzembe huhatarisha maisha ya watoto.

Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini unatupatia kipimo cha kuutazama mfano wetu. Tuulize: mwaka 2024 Halmashauri ilijua nini ambacho haikukijua Mei 2023? Kiasi kilijulikana, mtumishi alikuwa amekiri, na aliyeamua alikuwa na mamlaka ya kuchagua adhabu kubwa zaidi lakini hakuichagua. Kilichobadilika ni kiongozi na maoni yake. Kwa sababu hiyo hati ile ya mashtaka haina mguu wa kusimamia. Kama tungalizikuta risiti zilizofichwa zinazoonyesha kwamba pengo halisi la Machi lilikuwa shilingi 2,000,000, jambo lingekuwa jingine, kwa kuwa uamuzi wa kwanza ungekuwa umejengwa juu ya uongo wa mtumishi mwenyewe.

Sasa tuongeze jambo moja. Tuseme ukaguzi uleule umegundua pengo jipya la shilingi 210,000 katika mwezi wa Januari 2024. Hili ni kosa jingine na halijawahi kuadhibiwa. Hati sahihi ya mashtaka itataja Januari 2024 peke yake. Onyo la Mei 2023 litatajwa baada ya hatia kuthibitika, wakati wa kupima adhabu, kuonyesha kwamba mtumishi alikuwa amekwisha kukanywa. Tofauti ni nyembamba, lakini ndiyo inayookoa au kuzamisha mashauri mengi: onyo la zamani hutumika kama historia ya mtumishi, wala halirudishwi kuwa shtaka.

Tuligeukie swali la pili. Tuchukue kwamba hapakuwa na onyo lolote. Mweka Hazina aliandika dokezo Aprili 2023, likawekwa katika jalada, na jalada likalala kabatini miezi 17 hadi Septemba 2024. Hapa hakuna adhabu mbili. Kuna ukimya.

Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinataka kikao cha nidhamu kifanyike na kumalizika ndani ya muda unaofaa. Kwa ajili hiyo hazikutaja idadi ya siku, na muda hupimwa kwa mazingira yake. Kinachoangaliwa hasa ni muda uliopita tangu kosa lilipogunduliwa. Wizi uliofichwa miaka mitatu ukagunduliwa jana haujachelewa, maana aliyeuficha hawezi kufaidika na maficho yake.

Mfano unaojulikana ni wa India. Mwaka 1987 jimbo la Madhya Pradesh lilimfungulia ofisa wa polisi shauri la nidhamu kwa mambo ya miaka ya 1975 hadi 1977. Serikali haikudai kwamba haikuwa imejua mapema; kwa maelezo yake yenyewe, mashaka juu ya ofisa huyo yalikuwapo tangu 1977. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya India ilikataa shauri hilo kuendelea, kwa kuwa hapakutolewa maelezo ya kuridhisha ya kuchelewa zaidi ya miaka 12.

Miezi 17 si miaka 12, na haitoshi peke yake kulifuta kosa. Hata hivyo inaidhoofisha hoja ya mwajiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni ushahidi. Taarifa ya mashine itabaki, lakini mfugaji aliyelipa ushuru hatakumbuka siku wala kiasi, na mtumishi naye atakuwa amepoteza stakabadhi ambazo zingemtetea. Ya pili ni nzito zaidi. Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa kukosa uaminifu husema kwamba imani imevunjika na hawezi tena kufanya naye kazi. Kama kwa miezi 17 alimkabidhi mtumishi huyo mashine ileile na fedha za mnada uleule, matendo yake yanayakanusha maneno yake. Adhabu ndogo yaweza bado kusimama. Kuachishwa kazi kutakuwa kugumu kukutetea.

Ucheleweshaji wenye sababu hauna madhara hayo. Uchunguzi wa hesabu za vituo kadhaa huchukua miezi. Tena kifungu cha 37(5) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamzuia mwajiri kumwadhibu mtumishi aliyeshtakiwa mahakamani kwa kosa lilelile hadi kesi na rufani zake zimalizike. Kinachotakiwa ni jalada lenyewe kuonyesha sababu hizo kwa tarehe: lini ukaguzi uliagizwa, lini taarifa ilipokewa, nani aliombwa nini. Jalada lenye barua mbili tu, ya Aprili 2023 na ya Septemba 2024, halina la kujieleza.

Kwa mkuu wa idara, basi, kazi yafanyika kabla ya kutia saini onyo. Kama kiasi cha hasara bado hakijulikani, asitoe adhabu. Aandike barua ya kujieleza na kusema wazi kwamba uchunguzi unaendelea. Kwa mtumishi, pingamizi la kuadhibiwa mara mbili au la kucheleweshwa liandikwe katika majibu ya kwanza ya hati ya mashtaka, na nakala ya onyo la awali iambatishwe. Asilihifadhi hadi rufani. Asisusie kikao pia, kwa kuwa kikao chaweza kuendelea bila yeye. Asiporidhika na uamuzi, mtumishi wa umma hutakiwa kuzimaliza kwanza njia za rufaa zilizomo katika Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kwenda kwingine. Ndivyo ilivyo tangu marekebisho ya 2016 yalipoongeza kifungu cha 32A.