Mguu ulioumia na mshahara wa miaka ijayo

Swali: Nina miaka 30, nabeba abiria kwa pikipiki hapa Musumba. Lori la madini lilinigonga, mguu haupindi tena. Nilikuwa napata dola 300 kwa mwezi, sasa 100 kwa kuuza vocha. Nikizidisha hasara mpaka miaka 60 napata dola 72,000. Mbona avoka anasema nisahau hesabu hiyo?

Jibu: Pole sana, ndugu. Hasara yako ni dola 2,400 kwa mwaka, hapo uko sawa. Lakini wewe unadai leo pesa ambayo ungeipata kidogokidogo kwa miaka 30, na pesa ya leo huzaa. Kwa hiyo hatuzidishi kwa 30, bali kwa kizidisho kidogo zaidi. Tukikadiria faida ya asilimia 5, kizidisho ni 15.37, jumla karibu dola 36,900. Mwaka wa kwanza pesa hiyo inazaa kama 1,845, unaongeza 555 kutoka kwenye mtaji, na mtaji unaisha mwaka wa 30.

Bishaneni juu ya hiyo asilimia. Ikiwa 3, kizidisho kinapanda hadi 19.6, na malipo hadi dola 47,040.

Mahakama za Kenya zimezoea njia hii. Kwetu, kifungu cha 258 cha sheria ya madeni kinamwajibisha aliyesababisha hasara, lakini hakitoi fomula, na jaji anaweza kukadiria kwa busara yake. Mpelekee daftari la mapato na cheti cha daktari. Bila hivyo atakisia.